Meno, uwanja, saizi na usafi: namna ya kuandika tangazo la njumu za mitumba

*"Nauza njumu za mitumba hapa Mbale kwa simu, natuma mpaka Soroti na Lira. Huwa naandika 'njumu kali, saizi 42, safi kabisa' na kuweka picha mbili. Wateja wanazidi kurudisha: huyu zinambana, yule anasema zinamuumiza nyayo uwanjani kwao. Sasa nina Adidas 42 zenye meno ya plastiki na jozi nyingine ya meno ya chuma, picha nimekutumia. Niandike nini ili mtu ajue anachonunua?"*

Ndugu yangu, anza na soli. Jina la kampuni na rangi mnunuzi anaviona mwenyewe kwenye picha. Asichokiona ni meno yale yametengenezwa kwa ajili ya ardhi ya aina gani, na hapo ndipo wengi wa wateja wako wanapoumia. Njumu nyingi zinazofika kwetu kwenye mitumba zilivaliwa kwanza Ulaya, kwenye nyasi zilizomwagiliwa maji. Anayezinunua Soroti atazivaa kwenye uwanja wa shule wenye maramu nyekundu, nyasi zikiwa zimebaki pembeni tu na golini pamekuwa pagumu. Kiatu hakina kasoro, na mguu hauna kasoro. Vimekutana mahali pasipo pao, na tangazo halikumwonya mtu.

Tafuta herufi mbili. Mara nyingi ziko kwenye lebo ya ndani ya ulimi, karibu na namba za saizi, au mwishoni mwa jina la kiatu. FG ni za nyasi za kawaida zilizo kavu kiasi au zenye unyevu mdogo: meno ya plastiki ngumu yaliyotoka kiwandani yakiwa sehemu ya soli, machache kiasi, mengine ya duara na mengine bapa kama ncha ya kisu. SG ni za nyasi laini zilizolowa, na meno yake ya chuma hufunguliwa kwa ufunguo. Mara nyingi ni sita, manne mbele na mawili kisiginoni, ingawa baadhi huchanganya chuma na plastiki. AG ni za nyasi bandia: meno mafupi, mengi zaidi, na mara nyingi yana tundu katikati. MG ni za viwanja mchanganyiko. TF zina vijino vidogo vingi vya mpira vilivyotapakaa soli nzima. Ukikuta IN au IC, hizo ni za sakafu ya ndani na soli yake ni bapa.

Lebo ikiwa imefutika, usikisie herufi. Eleza unachokiona: "meno ya plastiki yasiyofunguka, kumi na mawili, marefu". Mchezaji ataelewa, nawe hutakuwa umeahidi usichokijua. Kuwa mwangalifu pia na jozi zilizowahi kubandikwa soli nyingine na fundi, kwa maana lebo itasema FG huku chini kuna soli ya kiatu kingine kabisa. Fuata soli, kisha andika kwamba imebadilishwa.

Sasa uwanja. Herufi peke yake haimsaidii mtu wa Lira ambaye hajawahi kuambiwa maana yake, kwa hiyo itafsirie ardhi ya kwetu. Kwenye maramu iliyokauka, jino refu halizami. Uzito wote wa mwili unabebwa na ncha chache, soli inakunjwa kati ya jino na jino, na baada ya nusu saa mchezaji anahisi kila jino likimsukuma kwa chini. Hayo ndiyo maumivu ya nyayo anayokulalamikia yule mteja, nami ningekisia aliuziwa FG zenye meno marefu au SG. Kwa uwanja wa namna hiyo AG, MG na TF ndizo zinazomfaa, kwa sababu meno ni mengi na uzito unagawanyika. TF zina ubaya wake: mvua ya Aprili ikinyesha na uwanja ukawa na nyasi, zinateleza.

FG kwenye maramu zinavalika, na vijana wetu wengi hawana nyingine. Andika wazi kwamba zinafaa zaidi kwenye nyasi, na kwamba kwenye ardhi ngumu meno yatalika haraka. Kwenye nyasi bandia tatizo linageuka: jino la FG, hasa lile bapa, linashika mno. Mguu unabaki chini wakati mwili unageuka, na goti au kifundo ndicho kinachobeba msokoto. Wachezaji wako wakipata mechi Lugogo kwenye uwanja wa KCCA, Nakivubo, au kwenye kituo cha FUFA pale Njeru, huko wanakanyaga nyasi bandia. Namboole ni nyasi za kweli. Ukiwa na jozi ya AG, kutaja viwanja hivyo kwenye tangazo kunamweleza mnunuzi mara moja kiatu hicho ni cha wapi.

Nije kwenye Adidas zako na kulika kwa meno, maana hapa neno "zimetumika kidogo" halina uzito wowote. Kila muuzaji analiandika. Chukua rula ya mwanafunzi, ile ya plastiki, ukate kipande cha mwanzo kilicho kabla ya sifuri. Simamisha rula kwenye soli kando ya jino, usome mpaka nchani. Usilinganishe jino la mbele na la kisiginoni, kwani viwandani huyatengeneza kwa urefu tofauti tangu mwanzo. Linganisha jino na mwenzake wa mahali palepale kwenye kiatu cha pili, halafu na lile la safu hiyohiyo lililo upande wa pili wa soli.

Kwenye picha yako ya kiatu cha kulia, jino lililo chini ya kidole gumba limekuwa bapa na linang'aa, na ile rangi ya chungwa iliyoko kwenye ncha za mengine imetoweka kwake. Hiyo ni dalili nzuri ya kuisoma. Viatu vingi vina ncha za rangi au plastiki tofauti na shina la jino, na rangi hiyo ikiisha ujue ncha yote imeshakwenda. Tuseme umepima ukapata milimita 8 kwenye jino hilo na milimita 11 kwa mwenzake wa kushoto. Basi limepoteza milimita 3, zaidi ya robo ya urefu. Andika hivyohivyo: "jino la kidole gumba kulia lina milimita 8, la kushoto milimita 11, mengine hayajalika kwa kuonekana." Mtu akisoma hapo hana la kukuuliza, na akipokea kiatu hana la kukushtaki.

Baada ya urefu, pitisha kidole kwenye kingo za meno. Jino lililosuguliwa na changarawe huacha ukingo mkali kama wa bati lililokatwa, nao unaweza kumchana mpinzani. Mwamuzi anayekagua viatu kabla ya mechi ana haki ya kumzuia mchezaji kuingia na kifaa cha hatari, kwa hiyo ukingo huo si jambo dogo. Unaweza kuusawazisha kwa msasa mwembamba, kisha uandike kwamba umefanya hivyo.

Kuna kasoro moja ambayo rula haiioni. Shika kiatu kwa mikono miwili, kunja soli mahali vidole vinapokunjika, na uangalie shina la kila jino kwenye mwanga wa mchana. Ukiona mstari mweupe unaozunguka shina, au unaotoka jino moja kwenda jingine, plastiki imeanza kuchoka. Jino hilo linaweza kuvumilia mechi kadhaa au likakatika mazoezini kesho. Kunja pia ukiangalia pembeni, pale soli inapokutana na ngozi. Mdomo ukifunguka hata unene wa kucha, gundi imeachia. Kiatu chenye mstari mweupe usikiuze kwa jina la kiatu kizima. Uza kwa bei ya chini ukiwa umeuonyesha kwenye picha, au mpelekee fundi anayehitaji vipuri.

Mwisho wa ukaguzi wa soli, weka viatu vyote viwili juu ya meza na uinamishe macho yako yawe sawa na kisigino. Kimoja kikilala upande wa nje, meno ya nje ya kisigino yamelika kuliko ya ndani, na huenda aliyevitumia alikuwa anakanyaga hivyo. Mnunuzi ataanza kukanyaga hivyohivyo bila kupenda. Piga picha kutoka hapo nyuma, inaonyesha mambo ambayo picha ya juu haiwezi kuonyesha.

Kuhusu saizi, namba 42 peke yake ndiyo iliyokurudishia viatu. Adidas 42 ni namba 8 ya Uingereza, na lebo yake huonyesha sentimita 26.5 au milimita 265. Nike 42 ni namba 7.5 ya Uingereza, nayo ni sentimita 26.5. Puma 42 ni namba 8 ya Uingereza lakini sentimita zake ni 27. Mtu aliyezoea Puma 42 akinunua Adidas 42 kwako amepoteza nusu sentimita, na kwenye njumu nusu sentimita ndiyo tofauti ya kidole kuwa huru na kucha kuwa nyeusi. Nakili namba zote zilizo kwenye lebo, hasa za sentimita, kwa sababu sentimita hazibadiliki kampuni ikibadilika.

Kisha vuta soli ya ndani, ile laini inayotoka, uilaze juu ya meza na uipime kutoka kisigino mpaka ncha. Kipimo hiki si sawa na kile cha lebo. Sentimita za kwenye lebo zinakusudia urefu wa mguu, na soli ya ndani kwa kawaida huzidi mguu kidogo ili vidole visigonge. Ndiyo maana ni lazima uandike kila kipimo kwa jina lake, usije ukaandika "sentimita 27" mtu akadhani mguu wa 27 utaingia. Pima pia upana wa mbele, mahali palipo panapana zaidi, maana njumu nyingi ni nyembamba na miguu iliyokulia bila viatu mara nyingi imetanuka mbele. Kama soli ya ndani si ya asili, yaani mtu ameweka nyingine iliyokatwa kwa mkasi, sema hivyo, kwani iliyo nene inakula nafasi na nyembamba inaongeza.

Mnunuzi naye mpe kazi yake. Asimame juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, achore alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, apime, na akutumie kipimo cha mguu ulio mkubwa. Afanye hivyo jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa kutembea, na avae soksi anazochezea. Mguu wake ukiwa sentimita 26 hadi 26.5, Adidas zako zitamkaa. Ukiwa 27, mwambie hapana kabla hujamlipa mtu wa basi. Asitumaini kwamba zitapanuka: ngozi halisi hutanuka kidogo kwa upana baada ya muda, ya plastiki hubaki karibu ilivyokuwa, na urefu hauongezeki kwenye yoyote.

Kwa mitumba kuna jambo la kuangalia kabla ya yote haya. Viatu husafiri vikiwa vimefungwa marobota, na jozi huchanganyika. Soma lebo ya kushoto na ya kulia: saizi zilingane, na ile namba ya bidhaa yenye herufi na tarakimu nayo ilingane. Namba za bidhaa zikitofautiana, hata rangi ikiwa moja, umeshika viatu vya jozi mbili.

Sasa neno "safi". Sema kilichosafishwa, umekisafisha kwa kutumia nini, na kilichobaki. Kiatu kilichopanguswa kwa kitambaa kinang'aa kwenye picha huku ndani kuna jasho la mtu mwingine, na anayekipokea Lira anakijua kwa pua kabla hajakivaa. Njia isiyoharibu ni hii. Acha tope likauke kabisa, gonganisha soli mbili, kisha toa mabaki kati ya meno kwa kijiti na brashi ya nguo. Toa kamba na soli za ndani, uzifue peke yake kwa sabuni. Juu tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kitambaa, ndani kitambaa kilichokamuliwa. Usiloweke kiatu kwenye beseni, na usitumie Jik, inakula rangi na nyuzi za mshono na kuacha harufu ambayo mnunuzi ataishangaa. Jaza magazeti ndani, anika kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakilowa. Jua kali na joto la sigiri hulegeza gundi na kukausha ngozi mpaka ipasuke, na mpasuko huo utatokea mikononi mwa mteja wako.

Safisha kabla ya kupima na kabla ya kupiga picha, maana tope lililojaa kati ya meno hupunguza urefu wa jino kwenye rula, na linaficha ile mistari myeupe niliyoitaja. Usipake rangi wala kiwi ya kuziba mikwaruzo halafu ukaita huko kusafisha. Rangi hupukutika mguu unapokunja, na mpasuko uliokuwa chini yake hujitokeza siku ya kwanza ya mazoezi. Kama ulinunua zikiwa zimeshapakwa, andika "zimepakwa rangi". Wekundu wa maramu ukiwa umeingia kwenye mshono mweupe hautoki wote, na hakuna aibu kuandika kwamba umebaki. Soli za ndani ambazo bado zinanuka baada ya kufuliwa zitupe uweke mpya, kwa sababu fangasi wa vidole huhama na kiatu. Na usifunge njumu kwenye kaveera ikiwa bado ina unyevu. Safari ya basi siku moja inatosha kurudisha harufu yote uliyoitoa. Ipe usiku mzima na zaidi, gusa ndani mpaka kwenye vidole, ndipo uifunge kwa karatasi.

Ukiyaweka pamoja, tangazo la Adidas zako linaweza kusomeka hivi, ukibadilisha namba nilizozikisia kwa zile utakazopima:

> Adidas FG, meno ya plastiki yasiyofunguka. Zinafaa uwanja wa nyasi. Kwenye maramu ngumu zitaumiza nyayo na meno yatalika haraka. Si za nyasi bandia. Lebo: 42, Uingereza 8, sentimita 26.5, viatu vyote viwili sawa. Soli ya ndani ni ya asili, urefu sentimita 27.2, upana wa mbele sentimita 9. Jino la kidole gumba kulia milimita 8, la kushoto milimita 11, mengine hayajalika kwa kuonekana. Hakuna ufa kwenye mashina, gundi imeshika pande zote. Zimepigwa brashi, zimefutwa ndani kwa sabuni, kamba na soli za ndani zimefuliwa, zimekaushwa kivulini. Wekundu kidogo umebaki kwenye mshono wa kisigino. Nitumie urefu wa mguu wako kwa sentimita kabla ya kulipa.

Picha ziwe tano: soli zote mbili kutoka juu, rula ikiwa kando ya jino lililolika, lebo, visigino kutoka nyuma, na ule wekundu wa mshono kwa karibu. Piga nje asubuhi, si chini ya balbu.

Zile za chuma zinahitaji ukaguzi wake. Jaribu kufungua kila jino kwa ufunguo na ulirudishe kwa vidole kwanza. Likiingia wima na kuzunguka bila kulazimishwa, nyuzi za skrubu ni nzima. Likikataa kutoka, kutu imelishika, na kwenye picha yako jino la kisigino cha kushoto lina rangi hiyo. Dondoshea mafuta kidogo, subiri mpaka kesho yake, ujaribu tena. Ukilazimisha leo unaweza kung'oa tundu lenyewe kutoka kwenye soli, na hapo kiatu kimekwisha. Andika idadi ya meno yaliyopo, urefu wa kila moja, yapi yanafunguka, na kama ufunguo unakwenda pamoja na viatu. Meno ya kubadilisha hupatikana kwa urefu kama milimita 11, 13 na 15, kwa hiyo la kisigino likiwa limelika nunua mawili yanayofanana badala ya moja.

Kwenye sehemu ya uwanja usizunguke: "nyasi laini zilizolowa tu, si maramu, si nyasi bandia". Viwanja vingi vya nyasi bandia haviruhusu chuma kabisa, mtu atageuzwa getini. Wanunuzi watakuwa wachache, lakini hapo Mbale uko chini ya Mlima Elgon, na timu zenye uwanja wa nyasi wakati wa masika huwa na beki au kipa anayezitafuta. Waulize makocha mmojammoja kwa simu kuliko kuzitangaza kwa kila mtu, na kijana wa shule ya maramu akizipenda kwa sura yake, mwelekeze kwenye TF au AG utakazopata mzigo ujao.